Mwembe wa Mama na Dirisha Lililoungua

Mama mwenye nyumba aliitazama picha kwa muda mrefu, akaishusha simu mezani. "Sebule ni nzuri, mwanangu. Lakini mwembe wangu umekwenda wapi?"

Nilikuwa nimemchorea kwa kompyuta sebule ambayo bado haijajengwa: mita tano kwa nne na nusu, dari ya mita 2.8, na dirisha moja kubwa upande wa mashariki. Picha za namna hii sisi wenye kazi huziita renda. Programu inachukua umbo la chumba, rangi za kuta na mahali lilipo jua, kisha inakokotoa jinsi mwanga unavyotembea mpaka ipatikane picha inayofanana na ya kamera. Nje ya dirisha nilikuwa nimesimamisha mwembe, kwa sababu upo kweli kiwanjani na mama huyo aliupanda mwenyewe. Kwenye picha haukuonekana. Dirisha zima lilikuwa jeupe kama karatasi, pazia jepesi limemezwa ndani ya weupe huo, na sakafuni hapakuwa hata na dalili ya kivuli cha jani. Wapiga picha wana neno la hali hiyo: dirisha limeungua.

Nilifanya kosa ambalo wengi wetu tunaanza nalo. Nilipunguza nguvu ya jua. Dirisha likatulia kidogo, chumba kikawa giza. Nikaweka taa ya siri karibu na dari kufidia giza, na sebule ya asubuhi ikawa kama chumba kilichopigwa picha kwa flashi. Nilikuwa nasahihisha mahali pasipo na kosa. Ili kulipata kosa lenyewe, ilinibidi niufuate mwanga njia yake yote: kutoka kwenye jua, kupita majani, kupita pazia, hadi ukutani, na mwisho hadi kwenye kioo cha simu ya mama.

Marakaraka ni picha za jua

Simama chini ya mti mchana uangalie chini. Utaona madoa ya mwanga, mengi yakiwa ya duara au yai. Ajabu ni kwamba matundu kati ya majani si ya duara. Yana pembe na kingo za kila aina. Uduara unatoka kwenye jua lenyewe. Kila tundu dogo linafanya kazi ya kamera ya tundu, likitupa ardhini sura ya jua zima. Ndiyo maana tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, wilayani Mbarali, mwanga uliopenya majani ulikuwa na sababu ya kuchora pete ardhini badala ya madoa yaliyojaa.

Kutokana na hilo tunapata kipimo ambacho mchoraji anaweza kukitumia moja kwa moja. Umbali wa jua kutoka duniani ni kama mara 108 ya kipenyo chake. Basi upana wa doa ni umbali kutoka kwenye tundu hadi sakafuni, ukigawanywa kwa 108:

```
upana wa doa = umbali / 108
```

Tuuweke mwembe wa mama kwenye hesabu. Mwishoni mwa Machi, saa tatu asubuhi, jua la pwani ya Bagamoyo huwa limepanda kama digrii 37, karibu mashariki kamili. Majani yako mita saba kutoka dirishani. Mwale unaotua sakafuni karibu mita mbili ndani ya chumba utakuwa umesafiri takribani mita 11 tangu uliyaache majani. Mita 11 ukigawanya kwa 108 ni sentimita 10. Kwa kuwa mwale unatua kwa mshazari, doa linanyooka na kuwa yai la sentimita 10 kwa 17 hivi. Hicho ndicho kimo cha madoa tunayopaswa kuyaona sakafuni.

Sasa angalia kinachotokea kwa jani moja. Jani la mwembe ni refu lakini jembamba, na upana wake ni chini ya sentimita hizo 10. Likiwa umbali huo haliwezi kulifunika jua lote, kwa hiyo halitupi kivuli chenye ukingo. Linachofanya ni kupunguza mwanga kidogo tu. Kivuli cheusi kinatoka kwenye vishada vya majani. Ukiona renda yenye majani yaliyokatwa sakafuni kama kwa mkasi, ujue mti uko karibu mno na dirisha au jua limepewa upana wa sifuri.

Programu ninayotumia ni Blender, ambayo ni ya bure, pamoja na injini yake ya Cycles. Humo taa ya jua ina sehemu iitwayo `Angle`, na thamani inayokuja nayo ni digrii 0.526, karibu sawa kabisa na jua la kweli tunavyoliona kutoka duniani. Mimi nilikuwa nimeipandisha hadi digrii 5 nikidhani ninalainisha vivuli. Kwa umbali wa mita 11, jua la digrii 5 linatandaza kila doa hadi upana wa karibu mita nzima. Madoa yote yalikuwa yamelaliana na kufutana. Kumbe mwembe ulikuwepo, ila jua langu lilikuwa pana kuliko matawi yake.

Kulikuwa na kosa la pili mahali hapo hapo. Marakaraka yanahitaji tofauti kati ya mwanga wa jua na ule wa anga. Siku ya anga safi, jua lililopanda hutoa mwanga unaouzidi wa anga mara tano au zaidi. Katika Blender namba hizo mbili hazisomeki kwa kipimo kimoja. Jua la `Strength` 5 linamimina 5 juu ya uso unaolielekea, lakini anga la rangi moja lenye `Strength` 1 linamimina 3.14, kwa sababu linamulika kutoka pande zote. Nilidhani nina tano kwa moja, kumbe nilikuwa na tano kwa tatu, na vivuli vyote vikawa vimeoshwa. Niliposhusha anga hadi 0.3, uwiano ukarudi karibu na ule wa kweli.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ndani ni kioo cha dirisha. Ukikitengeneza kama kioo halisi kinachopinda mwanga, Cycles haiwezi kulituma jua moja kwa moja kupitia humo. Inalitafuta kwa kubahatisha, na matokeo yake ni chumba chenye chengachenga au kivuli kitupu. Dawa yake ni kuiambia programu kwamba kwa miale ya kivuli kioo hicho kihesabiwe kuwa uwazi, kwa kutumia nodi ya `Light Path` na tawi lake la `Is Shadow Ray`. Majani yaliyotengenezwa kwa picha bapa zenye uwazi nayo yana mtego. Kila bapa ambalo mwale unalipita linahesabiwa, na kikomo kinachokuja na programu ni 8. Mwembe mzito unazidi hapo haraka, na kila mwale uliofika kikomo unageuka kuwa giza. Nilipandisha `Transparent` hadi 32, na pale palipokuwa na bonge jeusi pakafunguka matundu.

Pazia ni vitundu na nyuzi

Pazia jepesi la ndani, lile la neti linalokaa nyuma ya pazia zito, linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Lishike mkononi ulielekeze dirishani. Kupitia vitundu vya mfumo wake unaona nje, kwa hiyo sehemu ya mwanga inapita bila kuguswa. Sehemu nyingine inagonga nyuzi, na nyuzi zikiguswa na jua zinang'aa, kisha zinautawanya mwanga pande zote, nusu kurudi nje na nusu kuingia chumbani.

Renda nyingi zinafeli kwa sababu zinachukua kazi moja na kuiacha ya pili. Anayetumia uwazi peke yake anapata pazia kama moshi wa kijivu. Linalififisha dirisha, lakini lenyewe haling'ai. Anayetumia mtawanyiko peke yake anapata shuka. Linang'aa vizuri, lakini mti wa nje umepotea na hakuna doa linalofika sakafuni. Na anayelitengeneza kwa mfano wa kioo anapata kitu kama nailoni ya kufungia maua.

Mimi ninalitengeneza hivi. Pazia ni uso mmoja usio na unene. Robo yake ni `Transparent BSDF`, yaani vitundu. Robo tatu zilizobaki ni nyuzi, ambazo ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa `Diffuse BSDF`, inayorudisha mwanga, na `Translucent BSDF`, inayoupitisha kwa kuutawanya. Rangi ya nyuzi naiweka 0.7, wala siipandishi hadi 1, kwa kuwa hakuna kitambaa kisichokula mwanga hata kidogo. Ukizidisha namba hizo utaona kwamba robo ya mwanga inapita vitunduni na robo nyingine kama hiyo inapenya kupitia nyuzi. Nusu nzima inaingia chumbani.

Kinacholifanya liaminike ni mikunjo. Kitambaa kikitazamwa kwa ubavu, vitundu vyake vinazibana na nyuzi zinaonekana kusongamana. Ndiyo sababu pazia la kweli lina mistari ya wima, hafifu katikati ya kila mkunjo na mizito kingoni. Nodi ya `Layer Weight` inatosha kuipa programu maelezo hayo: pale uso unapogeukia ubavu, nyuzi ziongezeke na vitundu vipungue. Bila hiyo, mikunjo yote inakuwa na uzito mmoja na pazia linaonekana kama limepigwa pasi.

Na hapa mwembe ukaanza kurudi. Madoa ya jua yanatua kwanza juu ya pazia lenyewe. Umbali kutoka majanini hadi hapo ni mdogo kidogo kuliko wa sakafuni, kwa hiyo kila doa ni kama sentimita nane kwa kumi. Mtu aliyekaa sebuleni anayaona kutoka nyuma ya kitambaa, yaking'aa. Robo inayopita vitunduni inaendelea hadi sakafuni na kuchora madoa yale yale kwa mara ya pili, safari hii yakiwa makubwa na mapole.

Namba za dirisha

Kufikia hapo mwanga ulikuwa unapita vizuri, lakini dirisha lilikuwa bado linaungua. Ilinibidi nifanye hesabu ya kukadiria, na naiweka hapa yote kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho.

Chukua kwamba jua la saa hiyo linalipa dirisha lux 60,000, na mwembe unaruhusu robo tu, yaani 15,000 kwa wastani. Dirisha ni mita 2.4 kwa 1.5, sawa na mita za mraba 3.6. Pazia linapitisha nusu. Kinachoingia chumbani ni lumeni 27,000. Mwanga huo unagonga kuta, dari na sakafu, jumla mita za mraba 98, ambazo kwa rangi nyeupe na vigae vya kawaida zinakula kama asilimia 40 ya kila kinachozigonga. Gawanya 27,000 kwa 39 na unapata karibu lux 700 kila mahali chumbani.

Sasa linganisha mng'ao wa pazia na wa ukuta. Kwa wastani pazia linang'aa kama mara nane kuliko ukuta. Ndani ya doa la jua linafika mara 30. Wapiga picha wanahesabu kwa stopu, na kila stopu ni kuzidisha mara mbili. Mara nane ni stopu tatu, mara 30 ni karibu tano. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko nilivyoogopa, na sababu yake ni pazia lenyewe: lile lile linalong'aa ndilo linalokimulikia chumba. Likiongezeka mwanga, chumba nacho kinaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kupunguza jua hakukusaidia kitu. Uwiano ulibaki ule ule, picha nzima ikawa giza.

Kosa lilikuwa mwishoni kabisa mwa safari, pale namba za mwanga zinapogeuzwa kuwa rangi za kioo cha simu. Nilikuwa nimeacha `View Transform` kwenye `Standard`. Mpangilio huo unakata kila kitu kinachozidi 1, ambayo ni stopu mbili na nusu tu juu ya kijivu cha kati cha 0.18. Nikiuweka ukuta mweupe kwenye 0.36, pazia kwa wastani linafika karibu 2.9. Limekatwa lote, hata kabla hatujayagusa madoa ya jua.

`AgX`, ambao ndio mpangilio wa kawaida wa Blender tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, unaacha nafasi ya stopu 6.5 juu ya kijivu cha kati, yaani hadi karibu 16, na rangi zinazopanda humo zinafifia polepole kuelekea weupe. Madoa yetu, mara 30 ya 0.36, ni kama 11. Yanaingia. Kilichobaki ni kuurekebisha mwanga wa picha nzima kwa `Exposure`, ambapo kila 1 ni stopu moja, mpaka ukuta ukae pale ninapotaka. Jua silishiki tena.

Hesabu hiyo inanipa pia njia ya kukagua. Ukibonyeza juu ya renda, Blender inakuonyesha namba halisi za mwanga kabla hazijageuzwa rangi. Nasoma ukuta, kisha nasoma pazia. Pazia likiwa mara nane au kumi ya ukuta, chumba kiko salama. Likiwa mara mia na zaidi, mwanga unaingia pazia bila kufika chumbani: labda mtu amelipa pazia mng'ao wa bandia unaoonwa na kamera peke yake, labda kuta ni za rangi nzito mno, au kikomo cha `Clamp Indirect` kinakata mwanga unaorudi. Likiwa sawa na ukuta, jua halijalifikia, na kitu cha kwanza kukitilia shaka ni kile kioo.

Blaindi zinamulika dari

Kwa chumba cha kulala mama alitaka blaindi za aluminiamu, zile za vibao vya milimita 25. Wengi tunazichora kwa ajili ya mistari ya mwanga sakafuni, halafu tunashangaa mistari haiji. Jiometri inaeleza. Vibao vya milimita 25 hupangwa kwa nafasi ya kama milimita 21. Vikilala bapa, mwale wa digrii 37 unashuka karibu milimita 19 kabla haujavuka upana wa kibao. Katika kila nafasi ya milimita 21 unapita utepe wa milimita mbili tu, sehemu moja kwa kumi. Zilizobaki zinagonga uso wa juu wa kibao na kurushwa darini. Blaindi zilizolala bapa zinakimulika chumba kutoka juu, kwa hiyo dari ikiwa giza kwenye renda yenye blaindi, kuna kitu kimekosewa. Anayetaka mistari ainue ukingo wa nje wa vibao kuelekea jua.

Hata hivyo mistari haibaki ileile mpaka mwisho. Kanuni ya 108 inafanya kazi hapa pia. Mwale unaopita chini ya dirisha, kwenye kizingiti cha sentimita 60, unasafiri mita moja tu hadi sakafuni na unatia ukungu wa sentimita moja. Mistari iliyoachana kwa karibu sentimita mbili bado inasomeka. Mwale wa juu kabisa unasafiri mita tatu na nusu, na ukungu wake unapita sentimita tatu. Ni mpana kuliko nafasi ya mstari na mstari, kwa hiyo mistari inayeyuka na kubaki mwanga mtulivu. Chumba cha kweli kina mistari mikali karibu na ukuta wa dirisha, inayofifia kadiri unavyoingia ndani. Renda yenye mistari mikali mpaka kitandani inatumia jua ambalo halipo. Mteja akiitaka mistari ifike mbali, suluhisho la haki ni vibao vya milimita 50, ambavyo nafasi zake ni maradufu.

Kinachobaki wazi

Kuna kikomo ambacho hakuna mpangilio unaokivuka. Mwembe ukikatwa, au jua likihamia mahali ambapo majani hayalizuii, pazia zima linalipokea jua bila kupunguziwa. Chumba kitang'aa zaidi, uwiano utabaki ule wa mara nane, lakini mti hautaonekana kupitia kitambaa, maana nyuzi zilizopigwa na jua kamili zinang'aa kuliko kitu chochote kilicho nyuma yake. Hata macho yetu ndivyo yanavyoona. Kulazimisha bustani ionekane wazi nyuma ya pazia kama hilo, kwa kubandika picha ya nje baadaye, ni kumwahidi mteja dirisha asilolipata.

Mama nilimpelekea picha ya pili bila kuongeza taa hata moja. Mwembe unaonekana hafifu, kama kitu kilicho nyuma ya ukungu wa asubuhi. Juu ya pazia kuna madoa manane au kumi yenye umbo la yai, na mengine kama hayo yametua kwenye vigae mbele ya kochi. Aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka doa moja likajaa kwenye kioo cha simu, akalitazama. Halafu akauliza saa tatu hiyo ni ya mwezi gani, kwa sababu Juni, alisema, jua la kwake hutokea upande wa lile tawi lililovunjika.

Alikuwa sahihi. Juni jua linachomoza kaskazini zaidi ya mashariki. Nililisogeza, na madoa yakahama kutoka kochini hadi miguuni pa kabati.